Kupaka rangi tarehe za siku saba zijazo bila kugusa zilizopita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na wenzetu wa klaring hapa Mombasa, hasa wale wanaofuatilia kontena tupu. Mzigo ukishatoka Kilindini na mteja akashusha bidhaa zake, kontena bado ni mali ya kampuni ya meli, na kuna siku ya mwisho ya kuirudisha depo bila malipo. Siku hiyo ikipita, faini huanza kuhesabiwa kwa kila kontena, kila siku. Ndiyo maana karani anataka jedwali lake limwonyeshe kwa rangi zile zinazokaribia, akiwa bado na nafasi ya kutafuta lori.

Mfano tutakaoutumia ni jedwali la safu tano. A ni namba ya kontena, B ni mteja, C ni tarehe ambayo kontena ilitoka bandarini, D ni siku ya mwisho ya kuirudisha, na E ni tarehe iliyorudishwa kweli. E huwa tupu mpaka depo itoe risiti. Vichwa viko mstari wa 1, data inaanzia mstari wa 2. Fomula zote zinafanya kazi kwenye Excel na kwenye Google Sheets, panapotofautiana tutasema.

## Fomula yenyewe ni ipi?

Kwa anayetaka kuinakili tu na kurudi kazini:

```
=AND($D2>=TODAY(),$D2<TODAY()+8,$E2="")
```

Kwenye Excel, chagua kuanzia A2 hadi E200 (au mwisho wa jedwali lako), kisha `Home`, `Conditional Formatting`, `New Rule`, halafu chaguo la mwisho, `Use a formula to determine which cells to format`. Bandika fomula, bonyeza `Format`, chagua rangi ya manjano kwenye `Fill`, kubali. Kwenye Google Sheets, chagua eneo hilohilo, nenda `Format`, `Conditional formatting`, kisha chini ya `Format cells if` teremka hadi `Custom formula is`.

Fomula ina masharti matatu, na mstari haupakwi rangi mpaka yote matatu yatimie. La kwanza linasema tarehe iwe leo au baada ya leo. La pili linasema isizidi siku ya saba kutoka leo. La tatu linasema kontena iwe haijarudishwa. Maswali mengi yanayofuata yanahusu lile sharti la kwanza, kwa sababu ndilo watu huliacha.

## Niliandika tu «ndogo kuliko leo jumlisha saba». Kwa nini tarehe za mwezi uliopita nazo zimekuwa manjano?

Kwa sababu umeweka mpaka wa juu bila mpaka wa chini. Kompyuta haioni tarehe kama sisi tunavyoiona. Ndani ya seli kuna namba tu, idadi ya siku zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900. Tarehe 10 Machi 2025, ambayo ilikuwa Jumatatu, ni namba 45726. Kwa hiyo ukisema `$D2<=TODAY()+7` siku hiyo, unaiambia: paka rangi namba yoyote isiyozidi 45733. Tarehe ya wiki jana ni ndogo kuliko hiyo. Ya mwaka jana ni ndogo zaidi. Zote zinapita.

Tuchukue mistari saba na tuijaribu, tukisema leo ni hiyo Jumatatu, 10 Machi 2025:

| Mstari | Kilichomo kwenye D | Namba iliyo ndani |
|---|---|---|
| 2 | 6 Machi | 45722 |
| 3 | 10 Machi | 45726 |
| 4 | 15 Machi | 45731 |
| 5 | 17 Machi, saa kumi jioni | 45733.67 |
| 6 | 18 Machi | 45734 |
| 7 | seli tupu | huhesabiwa kama 0 |
| 8 | 14.03.2025 iliyoingia kama maandishi | si namba |

Ukiweka mpaka wa juu peke yake, mistari ya 2, 3, 4 na 7 inakuwa manjano. Wa 2 umeshapita siku nne. Wa 7 hauna tarehe kabisa, lakini seli tupu ikilinganishwa na namba huchukuliwa kuwa sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko namba ya tarehe yoyote ya leo. Ukiona mistari mitupu iliyo chini ya jedwali lako imepakwa rangi yote, usitafute sababu nyingine: mpaka wa chini haupo.

Ukitumia fomula kamili iliyo juu, mistari ya 3, 4 na 5 ndiyo inayopakwa. Wa 2 umeangushwa na mpaka wa chini, wa 6 na mpaka wa juu, wa 7 na mpaka wa chini pia. Wa 8 haukupakwa ingawa 14 Machi imo ndani ya wiki, na huo ndio ugonjwa mbaya kuliko yote. Tutaurudia.

## Mbona kuna `<TODAY()+8` badala ya `<=TODAY()+7`?

Ni kwa ajili ya mstari wa 5. Data ukiiandika kwa mkono, tarehe huwa namba kamili na fomula zote mbili hutoa jibu lilelile. Lakini ukiitoa kwenye mfumo wa kampuni ya meli au wa depo, mara nyingi huja na saa ndani yake, hata kama seli inaonyesha tarehe peke yake. Saa huhifadhiwa kama sehemu ya siku. Saa kumi jioni ni theluthi mbili ya siku, ndiyo hiyo .67. Sasa 45733.67 ni kubwa kuliko 45733, kwa hiyo `<=TODAY()+7` inaikataa kontena ambayo siku yake ya mwisho ni ya saba hasa. Ukisema «chini ya mwanzo wa siku ya nane», saa yoyote ya siku ya saba inaingia.

Ukitaka kujua kama tarehe zako zina saa zilizojificha, bofya seli na utazame ule mstari wa fomula juu ya jedwali. Kama saa ipo, itaonekana hapo.

## Je, leo yenyewe inahesabiwa? Siku saba ni saba kweli au nane?

Fomula yetu inaanza leo na inaishia siku kama ya leo wiki ijayo: Jumatatu hadi Jumatatu. Ukizihesabu kwa vidole ni siku nane. Tumeiacha hivyo kwa makusudi, kwa sababu mtu anayesema Jumatatu «siku saba zijazo» kwa kawaida anaitaka Jumatatu ijayo iwemo, na leo hataki kuikosa kwani ndiyo yenye haraka kuliko zote.

Kama ofisi yenu inataka siku saba kamili pamoja na leo, yaani Jumatatu hadi Jumapili, badilisha 8 iwe 7. Kama mnataka kuanzia kesho, sharti la kwanza liwe `$D2>=TODAY()+1`. Hakuna jibu lililo sahihi kwa kila mtu. Kubalianeni, kisha mliandike juu ya jedwali ili karani wa zamu nyingine asome rangi vilevile unavyoisoma wewe.

## Excel ina kanuni zake tayari za tarehe. Kwa nini nisitumie «Next Week»?

Kwa sababu `Next Week` ni wiki ya kalenda ijayo, haihesabu siku saba kutoka leo. Chini ya `Highlight Cells Rules` kuna `A Date Occurring`, na ndani yake utakuta jana, leo, kesho, siku saba zilizopita, wiki iliyopita, wiki hii, wiki ijayo, na miezi vivyo hivyo. Siku saba zilizopita zimo. Siku saba zijazo hazimo.

Wiki ya kanuni hizo huanza Jumapili. Ukiichagua `Next Week` Jumatatu ya 10 Machi, inapaka kuanzia Jumapili ya 16 hadi Jumamosi ya 22. Kontena ya Jumatano ya 12, ambayo ilihitaji lori jana, inabaki nyeupe, na ya tarehe 22 inang'aa bila haja. Ukiongeza `This Week` ili kuziba pengo, inakuletea Jumapili ya tarehe 9 ambayo imeshapita.

Iliyo karibu na tunachotaka ni `Between`, kwenye menyu hiyohiyo. Weka `=TODAY()` kwenye kisanduku cha kwanza na `=TODAY()+7` kwenye cha pili. Mipaka yote miwili ipo, zilizopita zinaachwa, na kwa orodha fupi inatosha. Lakini inapaka seli ya tarehe peke yake badala ya mstari mzima, na haiwezi kutazama safu ya E kujua kama kontena imeshafika depo.

## Nilitumia NOW() na tarehe ya leo haipakwi. Shida ni nini?

`NOW()` ina saa ya sasa ndani yake; `TODAY()` ni mwanzo wa siku, saa sita usiku. Tarehe ya leo iliyoandikwa bila saa ni 45726 kamili. Saa tatu asubuhi `NOW()` inasema 45726.375. Ukiuliza kama 45726 ni kubwa au sawa na hiyo, jibu ni hapana, kwa hiyo kontena inayotakiwa kurudi leo inahesabiwa kuwa imeshapita. Kwa kazi hii tumia `TODAY()` kila mara.

## Rangi inaonekana kwenye mstari usio wake. Kwa nini?

Namba ya mstari iliyo kwenye fomula lazima iwe ile ya mstari wa kwanza wa eneo ulilochagua. Kama ulianza kuchagua kutoka kwenye vichwa, A1, lakini fomula inasema `$D2`, basi mstari wa 1 unapimwa kwa tarehe ya mstari wa 2, wa 2 kwa ya 3, na kuendelea hivyo hadi chini. Dalili yake haikosei: mstari unaong'aa uko juu moja kwa moja ya ule uliotakiwa kung'aa, na pengine hata vichwa vimepata rangi.

Kwenye Excel fungua `Conditional Formatting`, `Manage Rules`, utazame kisanduku cha `Applies to`. Kikianza na `$A$1`, kibadilishe kianze na `$A$2`, kisha uifungue fomula na uhakikishe bado inasema `$D2`, maana Excel wakati mwingine huisogeza yenyewe.

Ile alama ya dola kabla ya D nayo ina kazi. Inaiambia kanuni kwamba hata inapopaka seli ya A au B, iitazame D. Ukiiondoa, seli ya A itaipima D, ya B itaipima E, na rangi zitatawanyika ovyo. Kabla ya 2 usiweke dola, la sivyo mistari yote itafuata tarehe ya kontena moja.

## Tarehe imo ndani ya wiki kabisa, naiona kwa macho, lakini haipati rangi. Nifanye nini?

Huyu ndiye mstari wetu wa 8. Karibu kila mara sababu ni kwamba ulichonacho ni maandishi yanayofanana na tarehe. Excel na Sheets, zikilinganisha maandishi na namba, huyaona maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo yanapita sharti la kwanza kwa urahisi na kuanguka kwenye la pili, na kontena haipati rangi kamwe, si leo wala siku yake ya mwisho ikifika. Rangi iliyozidi utaiona na kuuliza. Rangi isiyokuwepo haikuambii chochote, na bili ndiyo itakayokuambia.

Namna ya kuyagundua: maandishi hukaa upande wa kushoto wa seli, tarehe za kweli hukaa kulia, ikiwa hakuna aliyepanga safu hiyo kwa mkono. Kwa uhakika zaidi, andika hii kwenye seli iliyo wazi pembeni:

```
=ISNUMBER(D8)
```

Ikijibu `FALSE`, ni maandishi. Hapa kwetu yanatoka sana kwenye orodha za barua pepe zilizoandikwa kwa nukta, kama 14.03.2025, au zenye nafasi tupu iliyojificha mbele au nyuma.

Kuyarekebisha kwenye Excel: chagua safu ya D, nenda `Data`, `Text to Columns`, bonyeza `Next` mara mbili, kwenye hatua ya tatu chagua `Date` na mpangilio wa `DMY`, kisha `Finish`. Yakigeuka kuwa tarehe za kweli yatahamia kulia, na rangi itatokea papo hapo.

Nakushauri pia uongeze kanuni ya pili yenye rangi ya zambarau au kijivu, ikuonyeshe maandishi yoyote yaliyojipenyeza kwenye safu ya tarehe:

```
=AND(ISTEXT($D2),$D2<>"")
```

Kanuni hii ndogo ina thamani kuliko ile ya manjano yenyewe, kwa sababu inalinda usichoweza kukiona.

## Nusu ya tarehe zimekuwa maandishi na nusu ni tarehe. Nibadilishe zile mbovu tu?

Simama kwanza, usiguse kitu. Tazama zile zilizokuwa maandishi: je, zote ni za tarehe 13 na kuendelea? Kama ndiyo, kompyuta yako inasoma tarehe kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza. Faili lilisema 14/03/2025. Kompyuta ikatafuta mwezi wa 14, ikaukosa, ikayaacha maandishi. Lakini 05/03/2025, ambayo ni tarehe tano Machi, iliipokea bila kulalamika na kuigeuza kuwa Mei 3. Kwa hiyo zile zinazoonekana nzima ndizo zilizoharibika zaidi. Kontena iliyokwisha muda wake Machi inaonekana kuwa na nafasi hadi Mei, na haipati manjano wala nyekundu.

Njia salama ni kulitupa hilo jedwali na kuanza upya na faili la asili. Kwenye Windows ingia mipangilio ya `Region`, weka `English (United Kingdom)` au `English (Kenya)`, funga Excel, ifungue tena, kisha ingiza data. Kwenye Google Sheets ni `File`, `Settings`, `Locale`, na uifanye kabla ya kubandika. Kubadilisha mpangilio baadaye hakurudishi tarehe zilizokwisha kugeuzwa.

Kama faili la asili halipo tena, zile zilizo namba unaweza kuzigeuza kwenye safu ya pembeni:

```
=DATE(YEAR(D2),DAY(D2),MONTH(D2))
```

Itumie kwa zile tu unazojua zimegeuzwa. Ukiipitisha kwenye safu nzima yenye mchanganyiko, utaharibu na zile zilizokuwa sawa.

## Zilizopita zinaachwa kabisa? Si hatari?

Ni hatari, na ndiyo sababu zinahitaji rangi yake peke yake. Tunazitenga na manjano kwa kuwa kazi zake ni mbili tofauti. Kontena ya manjano inakutaka utafute lori. Iliyopita tayari inakula pesa. Inakutaka umpigie mteja, uombe kampuni ya meli ikupe hesabu, na uamue nani analipa. Zikichanganyika kwenye rangi moja, karani anazizoea, kila mstari unakuwa manjano kila siku, na jicho linaacha kuona.

Kanuni ya nyekundu ni hii:

```
=AND(ISNUMBER($D2),$D2<TODAY(),$E2="")
```

`ISNUMBER` hapa huwezi kuiacha. Kwenye manjano mpaka wa chini ulizifukuza seli tupu, lakini hapa hakuna mpaka wa chini, na seli tupu, ambayo ni sifuri, ingepakwa nyekundu. Na bila `$E2=""` jedwali lote la mwaka jana lingewaka, kontena zote zilizorudi salama zikiwemo.

Manjano na nyekundu haziwezi kugongana, kwa sababu tarehe moja haiwezi kuwa kabla ya leo na baada ya leo. Kwa hiyo mpangilio wa kanuni kwenye orodha hauleti tofauti.

## Safu yangu ya D ni fomula: tarehe ya kutoka jumlisha siku za bure. Kuna tahadhari?

Mbili. Ya kwanza, kama C bado iko tupu, `=C2+14` inatoa 14, nayo kwenye Excel ni siku ya kumi na nne ya Januari 1900. Manjano haitaigusa, lakini nyekundu itaiona kuwa imechelewa zaidi ya karne. Andika hivi:

```
=IF(C2="","",C2+14)
```

Hiyo 14 ni mfano tu. Weka siku ulizopewa na kampuni ya meli kwa mzigo huo, maana hazifanani.

Ya pili, uliza kama siku ya kutoka bandarini yenyewe inahesabiwa kuwa siku ya kwanza. Ikihesabiwa, toa moja: `C2+14-1`. Tofauti ya siku moja kwenye D inamaanisha manjano yako yote yamechelewa siku moja, na hakuna rangi itakayokuonyesha kosa hilo.

## Tunatumia Google Sheets, na asubuhi kontena za jana bado ni manjano. Zikifika saa tano zinabadilika zenyewe. Ni nini?

Ni saa za eneo. `TODAY()` kwenye Sheets hufuata saa za eneo lililowekwa ndani ya faili, hata kama simu yako inasema vingine. Faili likiwa limefunguliwa mara ya kwanza na mtu ambaye akaunti yake iko kwenye saa za pwani ya magharibi ya Marekani, siku mpya kwake huanza saa nne au saa tano asubuhi yetu, kutegemea msimu. Mpaka hapo, kwa faili, leo ni jana.

Ingia `File`, `Settings`, `Time zone`, uchague ya Nairobi, yenye GMT+03:00. Inabadilika kwa kila anayelitumia faili hilo.

## Kila wiki kanuni zinaongezeka zenyewe na rangi zinakuwa na mapengo. Kwa nini?

Mtu ananakili mistari na kuibandika pamoja na rangi zake. Excel inagawa eneo la kanuni vipandevipande, na baada ya muda `Manage Rules` inaonyesha kanuni ileile mara kumi, kila moja ikiwa na kipande chake. Chagua `This Worksheet` hapo juu, futa zote isipokuwa moja ya kila rangi, na urudishe `Applies to` iwe `$A$2:$E$200`. Kuanzia hapo bandikeni kwa `Paste Special`, `Values`.

## Nahakikishaje kwamba rangi zinasema kweli?

Hesabu kwa njia nyingine. Weka hii juu ya jedwali:

```
=COUNTIFS(D2:D200,">="&TODAY(),D2:D200,"<"&TODAY()+8,E2:E200,"")
```

Kisha chuja safu ya D kwa rangi ya manjano na uhesabu mistari. Namba zikitofautiana, kanuni ya rangi haijafika kwenye mistari yote au imesogea. Ila jua mpaka wa kipimo hiki: tarehe zilizogeuzwa mwezi na siku zitakosekana kotekote, nazo namba zitalingana.

## Nikipiga picha ya jedwali na kuituma kwenye WhatsApp?

Rangi hubaki zile za siku ya picha. Iandike tarehe ya leo kwenye seli moja inayoonekana, kwa `=TODAY()`, ili anayeipokea Miritini siku tatu baadaye ajue anasoma hali ya lini.

## Siku saba zinatosha kwa kontena iliyoko Kampala?

Hazitoshi kama zinavyotosha kwa iliyoko Changamwe. Kontena iliyoshushwa godauni la Changamwe inarudi depo siku hiyohiyo lori likipatikana. Iliyoko Kampala lazima ivuke mpaka tena, iwe Malaba au Busia, na isafiri zaidi ya kilomita elfu moja kurudi pwani. Kwake, manjano inayowaka siku saba kabla inaweza kuwa imechelewa tayari.

Usitengeneze kanuni tofauti kwa kila mji. Ongeza safu ya F, uandike ndani yake siku za tahadhari kwa kila kontena, 7 kwa za hapa, 14 kwa za Kampala, au vile uzoefu wa wasafirishaji wenu unavyowaambia. Panua `Applies to` ifike F, kisha fomula ya manjano iwe:

```
=AND($D2>=TODAY(),$D2<TODAY()+$F2+1,$E2="")
```

Mpaka wa chini unabaki ulivyokuwa. Ni wa juu tu unaofuata kontena. Mtu akisahau kujaza F, seli hiyo inahesabiwa sifuri na mstari utawaka siku ya mwisho peke yake, kwa hiyo jaza 7 safu nzima kwanza, halafu badilisha zile za safari ndefu.